Changu wa Nazi Saa Sita Kasoro: Arifa Inayotamanisha Bila Kukera

"Changu wa nazi, tui la kwanza. Wali na kachumbari, 9,000 hadi mezani kwako. Mwisho wa kuagiza saa sita na dakika kumi."

Hiyo ndiyo kazi yangu. Naandika arifa za programu ndogo ya kuletewa chakula hapa Dar es Salaam, inayohudumia zaidi wafanyakazi wa Posta, Kisutu, Upanga na Kariakoo. Nikimwambia mtu ninachofanya, huwa anadhani nashinda nikitafuta maneno matamu. Maneno yapo, na nitayafikia, lakini ujumbe wa chakula cha mchana hupata au hukosa kabla mtu hajausoma. Hukosa kwa sababu umefika wakati mbaya, au umemfikia mtu asiyestahili kuupata leo, au umesifia kitu ambacho jikoni kimeshaisha.

Wafanyakazi wa mjini wanamjua mama lishe anayepita maofisini kwenye saa nne asubuhi na daftari lake. Anasimama mlangoni, anasema, "Leo nina samaki wa nazi na maharage. Nikuwekee?" Ukisema niwekee, anaandika. Ukisema leo nimebeba kutoka nyumbani, anasema haya, anaendelea na mlango wa pili. Harudi saa tano kukuuliza mbona hukumjibu. Hakuambii kwamba amekukumbuka sana. Amekuja kabla njaa haijakubana, ametaja kilichomo kwenye sufuria, ameuliza mara moja, na amekubali jibu lako. Mpaka leo sijaona kanuni ya arifa iliyo bora kuliko hiyo, na karibu kila kinachofuata hapa ni namna ya kuifanya simu iwe na adabu ya yule mama.

Nianze na saa. Wengi wanaoanza kazi hii hupanga ujumbe utoke saa saba mchana, kwa sababu ndipo watu wanapokula. Saa saba umeshachelewa. Mtu wa Posta anayetaka kula saa saba tayari ameshaamua: ametuma kijana wa ofisi, ameshuka kwa mama lishe, au ameanza kufungua hotipoti lake. Inabidi uhesabu kwa kurudi nyuma kutoka mezani. Chukua jiko lililoko Kariakoo na mteja aliye ghorofani Mtaa wa Samora. Boda inahitaji kama dakika kumi na tano mchana wenye magari, na kumi nyingine huliwa na getini, mlinzi, daftari la wageni na lifti. Jikoni kupakua na kufunga ni dakika ishirini oda zikiwa nyingi. Jiko kupokea oda na kuithibitisha, tuseme dakika tano. Jumla hapo ni dakika hamsini. Kwa hiyo oda ya mwisho inayoweza kufika saa saba kamili bila kumdanganya mtu ni ile iliyowekwa saa sita na dakika kumi.

Na mtu haagizi sekunde ileile anayoona ujumbe. Anausoma, anamaliza barua pepe aliyokuwa akiandika, anamuuliza mwenzake "wewe unakula nini leo?", kisha ndipo anafungua programu. Mpe nusu saa. Ndiyo maana ujumbe wetu wa Posta hutoka kwenye saa sita kasoro dakika ishirini. Huo ndio wakati ambao tumbo limeanza kuuliza lakini halijajibiwa. Nairobi, ambako ofisi nyingi hula kati ya saa saba na saa nane, hesabu ileile inaweza kusogea mbele kidogo. Bujumbura na Goma ziko saa moja nyuma yetu, kwa hiyo seva iliyopangwa kwa saa za Dar ingewaamsha watu wa huko na pilau wakati bado wanakunywa chai ya asubuhi. Panga kwa saa ya simu ya mteja, usipange kwa saa ya ofisi yako.

Dogo moja kuhusu saa, kwa kuwa huwa linapita bila kuonekana. Tunaandika "saa sita na dakika kumi" kwa maneno. Ukiandika "saa 6:10", kuna atakayesoma jioni au alfajiri, kwa sababu juu ya ujumbe huohuo simu yake inaonyesha 11:40. Ukiandika "12:10" unaeleweka, lakini unasikika kama ratiba ya basi.

Sasa ujumbe umetoka kwa wakati. Je, umefika kwa wakati? Hapa ndipo kero kubwa kuliko zote huzaliwa, na wanaoisababisha mara nyingi hawajui. Watu wetu huzima data. Bando likiisha asubuhi, mtu anakaa bila intaneti mpaka atakaponunua jingine jioni akitoka kazini. Ujumbe uliotumwa saa sita kasoro haupotei, unamsubiri. Firebase, njia ya Google inayopeleka arifa nyingi kwenye simu za Android, hutunza ujumbe usiofika kwa muda wa hadi wiki 4 usipoiambia vinginevyo. Basi mtu anaunga bando saa tatu usiku akiwa kitandani, simu inatetemeka, anaambiwa changu wa nazi yuko jikoni na mwisho wa kuagiza ni saa sita na dakika kumi. Nimewahi kuwa mteja wa programu nyingine iliyonifanyia hivyo mfululizo, na kilichoniudhi hakikuwa kelele. Niliona wazi kwamba hakuna mtu upande wa pili aliyefikiria kwamba mimi ninaishi ndani ya saa.

Dawa yake ni mstari mmoja. Unauambia ujumbe ufe wenyewe muda wa kuagiza ukiisha. Uliotoka saa sita kasoro dakika ishirini unapewa nusu saa ya kuishi, yaani sekunde 1800:

```json
"android": {
  "ttl": "1800s",
  "collapse_key": "mchana"
}
```

Usipoufikia mkono wa mteja ndani ya nusu saa, haumfikii tena. Lile neno la pili, `collapse_key`, ni kwa ajili ya siku ambayo jiko limebadilisha menyu na tumelazimika kutuma ujumbe mpya: kama simu ilikuwa haipatikani, ikirudi itapokea ule wa mwisho tu badala ya foleni nzima. Kwa iPhone kazi hiyo ya kuisha hufanywa na kichwa kinachoitwa `apns-expiration`, na chenyewe hakitaki muda wa kuishi. Kinataka saa yenyewe ya kufa, imeandikwa kwa sekunde kwa hesabu ya kompyuta inayoanzia mwaka 1970. Anayekiandikia 1800 akidhani ni sekunde za kuishi anakuwa ametaja saa iliyopita zamani sana. Hapo ujumbe unajaribiwa mara moja, na simu ikiwa haipatikani hautunzwi. Kwa chakula cha mchana hilo si janga, ila ni vizuri kujua kwa nini watu wa iPhone walipata ujumbe mchache siku hiyo.

Kuna nusu ya pili ya tatizo hilohilo. Ujumbe unaweza kufika kwa wakati lakini mtu akawa kikaoni mpaka saa nane. Anatoka, anavuta pazia la simu, anakuta changu bado anaringa pale juu. Kwenye Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, arifa inaweza kupewa muda wa kujiondoa kwa `setTimeoutAfter`. Tunaipa mpaka muda wa kuagiza uishe. Asiyeiona haijui, na asiyeijua haimkeri.

Twende kwenye maneno. Simu iliyofungwa huonyesha mstari mmoja, wakati mwingine na kipande cha wa pili, na Kiswahili kina maneno marefu. "Tunayo furaha kukujulisha mteja wetu mpendwa kwamba" imekula nafasi yote na bado hujasema kitu. Kwa hiyo jina la chakula linakaa mwanzo kabisa, kama lilivyo mwanzo kwenye sentensi ya mama lishe baada ya "leo nina". Kinachofuata ni jambo moja tu kuhusu chakula hicho ambalo mtu anaweza kulionja akilisoma. Moja, si matatu. "Tui la kwanza" ni mfano mzuri, kwa kuwa yeyote aliyekulia karibu na jiko la pwani anajua tofauti ya tui la kwanza na maji ya nazi iliyokamuliwa mara ya tatu. Huhitaji tena kumwambia kwamba mchuzi ni mzito na mtamu. "Pilipili mbuzi pembeni" hufanya kazi kama hiyo kwa kuku wa kuchoma. "Kisamvu cha karanga" hujieleza chenyewe. Maneno kama kitamu, kizuri, bora na kabambe hayana ladha yoyote, kwa sababu yanaweza kubandikwa kwenye godoro na kwenye simenti vilevile.

Jambo hilo moja halipatikani mezani kwangu. Kwenye saa nne nakwenda au napiga simu jikoni, na swali langu ni lilelile: "Mama, leo lipi limetoka vizuri?" Wapishi ni wakweli kuliko matangazo. Asubuhi moja mpishi wa jiko letu la Kariakoo alinijibu, "Changu wa leo ni wakubwa, wametoka Feri alfajiri. Lakini huyo kuku usimsifie, ni wa kisasa na amelala kwenye barafu." Siku hiyo kuku hakutajwa. Tungemtaja, tungeuza, na mteja angegundua kwenye tonge la kwanza. Baada ya hapo ujumbe wangu wowote wenye neno kuku ungekuwa kero hata ungefika saa ngapi, kwa sababu mtu hukerwa zaidi na anayemdanganya kuliko anayempigia kelele.

Bei nayo iko ndani ya ujumbe, na ni bei ya kufikishiwa. Ukiandika 7,000, mtu akafungua akakuta na 2,000 ya usafiri chini kabisa baada ya kubonyeza mara nne, umemtamanisha kisha umemvunja moyo. Mara ya pili hafungui. Ndiyo maana tunaandika "9,000 hadi mezani". Wenzangu wa mauzo waliogopa kwamba namba kubwa itawafukuza watu. Inawafukuza wale ambao hawana 9,000 ya chakula siku hiyo, na hao ni haki yao kutosumbuliwa.

Kuna maneno ambayo siyaandiki hata kwa shinikizo. "Umetusahau?" "Tumekumiss!" "Bado hujala tu?" Yote yanamfanya mteja awe na deni la hisia kwa duka. Mtu hajakosa kitu kwa kutonunua chakula kwako. Huenda ana hotipoti, huenda amefunga, huenda mfuko umekauka. La mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Kumwambia mtu "tumbo linakudai" katikati ya mwezi, wakati ameamua kushinda na chai na andazi ili nauli itoshe, ni kumkumbusha shida yake kwa sauti ya kuchekesha. Vichekesho kwa ujumla navitumia kwa uchache mno. Ujumbe wa kuchekesha huchekesha mara ya kwanza, mara ya pili unatambulika, na mara ya tatu mtu anajua ni mashine. Chakula hakichakai namna hiyo. Mtu anaweza kuambiwa "maharage ya nazi na chapati" kila Jumanne na bado akatamani, mradi kweli ipo.

Mwezi wenyewe una sura zake. Mishahara ikiingia, biriani na kuku mzima wa kugawana ofisini vinauzika bila kusukumwa. Mwezi ukifika kona, tunabadilisha si maneno tu bali chakula kinachotajwa: wali maharage na mboga ya majani kwa bei ya chini, kutoka kwenye jiko lililo karibu ili usafiri usizidi thamani ya sahani. Nairobi wana mwezi mzima wa aina hiyo, ule wa Januari, na wenyewe wanauita Njaanuary.

Nimesema changu yuko jikoni. Yuko kwa sahani ngapi? Swali hili linaamua ujumbe uende kwa watu wangapi, na nitalipitia kwa hesabu za mfano ili lionekane vizuri. Tuseme mpishi ana sahani 40 za changu. Tuseme pia kwamba, kwa uzoefu wa wiki zilizopita, kati ya watu 100 wanaopata ujumbe wa samaki, 4 huagiza. Basi watu 900 watatupa kama oda 36, na sahani chache zinabaki kwa wanaofungua programu wenyewe. Kuutuma kwa watu 3,000 kwa sababu eti majina yapo kungeleta oda kama 120 kwenye sufuria ya sahani 40. Watu 80 wangekuwa wametamanishwa, wamefungua, wakakuta "imeisha". Hiyo ni kero mbaya kuliko ujumbe wa saa tatu usiku, kwani huyu alikuwa tayari kulipa.

Hata hao 900 hatuwapigii kwa pamoja. Wakipata wote dakika moja, oda nyingi zitaingia ndani ya dakika kumi za mwanzo, na zile dakika ishirini za kupakua zitageuka arobaini. Kwa hiyo wanagawanywa katika mawimbi matatu ya watu 300: wa mbali, wa Upanga, saa tano na nusu, wa katikati ya mji saa sita kasoro dakika ishirini, wa Kariakoo, walio jirani na jiko, saa sita kasoro dakika kumi. Mwisho wa wote ni uleule, saa sita na dakika kumi, kwa hiyo muda wa kuishi wa kila wimbi unapungua: sekunde 2400, 1800, 1200. Faida kubwa ya mawimbi ni kwamba unaweza kuyasimamisha. Wimbi la pili likimaliza sufuria, la tatu halitoki. Watu wa Kariakoo hawatajua kamwe kwamba walikuwa waambiwe kitu.

Sasa nani hapati? Aliyekwisha kuagiza leo hapati, na hili ni la kusimamia kwa makini, kwa kuwa orodha huwa inaandaliwa asubuhi na mtu anaweza kuagiza saa tano kamili. Kagua tena sekunde ya kutuma. Mtu ambaye chakula chake kiko njiani, anaambiwa anunue chakula! Nimeona wateja wakifuta programu kwa hilo moja. Asiyefungua ujumbe tatu mfululizo anashushwa mpaka mmoja kwa wiki, siku ambayo kwa kawaida yeye huagiza. Akiacha na hizo, tunanyamaza, na tutamsemesha tena akirudi mwenyewe. Na hakuna anayepata zaidi ya mbili kwa wiki, hata awe mteja mkubwa kiasi gani. Ukomo huo wa mbili nilipigania kwa muda, na sababu niliyowapa wenye kampuni ni hii ifuatayo.

Mtu akichoka na arifa zako hakuandikii barua. Anabonyeza kwa muda mrefu, anazima zote. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya lazima iombe ruhusa ya kutuma arifa, na mtu akikataa mara mbili mfumo haukuruhusu kumuuliza tena. iPhone humuuliza mara moja tu. Ukishafungiwa, njia ya kurudi ni mteja mwenyewe aingie kwenye mipangilio ya simu, jambo ambalo kwa kweli hatalifanya. Na hapo hujapoteza matangazo tu. Umepoteza "dereva wako yuko getini". Nimeliona likitokea chini ya jengo la ofisi: boda amesimama juani na mfuko wa chakula, anapiga simu ambayo mteja haioni kwa kuwa ni namba asiyoijua, na mteja yuko juu anasubiri arifa ambayo aliizima mwenyewe kwa hasira ya ofa za wiki iliyopita. Wali umepoa, dereva amepoteza safari nyingine ambayo ingemlipa, na wote wawili wana haki ya kukasirika.

Kwa hiyo kwenye Android tunatumia njia mbili zilizotengana, kila moja na jina ambalo mtu anaelewa akiingia kwenye mipangilio: "Oda yako" na "Chakula cha mchana". Anayechoka na ya pili anaizima bila kuigusa ya kwanza. iPhone haina mgawanyo huo kwenye mipangilio ya simu, basi tumeweka swichi ndani ya programu yenyewe, ukurasa wa kwanza wa akaunti, si kwenye pango la saba. Masharti ya Apple yenyewe yanataka mtu akubali waziwazi kupata matangazo kwa arifa na awe na namna ya kujitoa. Na ruhusa yenyewe hatuiombi siku mtu anapopakua. Tunaiomba baada ya oda yake ya kwanza, kwa maneno haya: "Tukujulishe dereva akifika?" "Ndiyo" ni jibu rahisi kulitoa, kwa sababu muda huo anaihitaji arifa hiyo. Ya chakula cha mchana inaulizwa baadaye, peke yake.

Mtu wa fedha atauliza, na ana haki: je, ujumbe huu unaleta kitu, au watu hao wangeagiza tu? Njia ya kujua ni kuwaacha wengine bila ujumbe kwa makusudi. Turudi kwa changu. Watu waliofaa kuupata walikuwa 1,000; tuliwachomoa 100 kwa bahati nasibu na hawakutumiwa chochote. Kati ya 900 waliopata, 36 waliagiza, yaani asilimia 4. Kati ya wale 100 walioachwa, 3 waliagiza wenyewe, asilimia 3. Hivyo ujumbe haukuleta oda 36. Ulileta tofauti ya asilimia 1, kama oda 9. Nyingine 27 zingekuja hata tungelala. Na hata hiyo 9 si ya kuapia kwa siku moja, kwa kuwa kwenye kundi la watu 100 mtu mmoja akiamua kula au kutokula anageuza jibu lote. Tunakusanya siku 20 za kazi ndipo tunasema kitu, maana hapo walioachwa wanakuwa wamehesabiwa mara 2,000.

Upande wa pili wa mizani wanakaa waliozima. Firebase haikupigii simu kukuambia fulani amezima arifa. Programu yenyewe inapaswa kuangalia kila inapofunguliwa, kwa `areNotificationsEnabled()` na kwa hali ya ile njia ya "Chakula cha mchana", kisha itoe taarifa. Aliyeiondoa programu kabisa anajulikana siku za mbele, pale utumaji unaporudisha jibu la `UNREGISTERED`. Ujumbe ulioongeza oda 9 ukafunga milango ya watu 12 ni hasara, hata kama ripoti ya siku inaonyesha sahani 36 zimeuzwa. Mtu aliyezima leo hatarudi Ijumaa ya pilau.

Ijumaa ina mambo yake. Wengi wa wateja wetu wanakwenda msikitini mchana, na chakula kinachofika saa saba kitawakuta hawapo. Siku hiyo tunaweka chaguo la kuletewa saa nane, na ujumbe unalitaja: "Pilau ya Ijumaa, ikufikie saa saba au saa nane." Haumtaji mtu dini yake, haumdhanii chochote, anayetaka saa saba anachukua saa saba. Kipindi cha Kwaresima nako, Ijumaa inatajwa sahani isiyo na nyama, na mara nyingi changu anarudi kazini.

Ramadhani hatukisii nani amefunga. Kukisia kwa majina ni kuwakosea walio na majina hayo na hawajafunga, na walio na majina mengine na wamefunga. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka imani za dini kwenye kundi la taarifa nyeti, wala sioni sababu ya duka la chakula kuwa na daftari la nani anaswali. Tunazima ujumbe wa mchana kwa wote. Anayeendelea kula mchana anajua programu iko wapi, na akiagiza mara mbili mchana ndani ya mwezi huohuo tunamrudishia ujumbe wake wa kawaida mpaka atakapouzima. Kwa wengine wote unahamia saa kumi jioni, na chakula kinabadilika: "Magimbi ya nazi, tambi na kaimati. Futari ya watu wanne, inafika kabla ya magharibi." Hesabu ya kurudi nyuma ni ileile ila sasa mwisho wake haubishani. Chakula cha mchana kikichelewa dakika kumi unaomba radhi; futari ikifika baada ya adhana, familia imeshafungua kwa maji na tende na imekusubiri wewe. Kwa hiyo tunafunga oda mapema kuliko ramani inavyotushauri, na ujumbe unabeba saa hiyo ya kufunga.

Limebaki la mvua, ambalo bado tunabishana ofisini. Mvua kubwa ya masika ikianza saa tano, kila mtu anatamani chakula kimfuate, na kwa hesabu tupu ndiyo siku nzuri kuliko zote ya kutuma. Lakini Mto Msimbazi unapofurika na barabara ya Jangwani imefungwa, dakika kumi na tano za boda hazipo tena, na anayezilipa ni kijana aliye juu ya pikipiki kwenye maji yasiyoonyesha mashimo. Wenzangu wa mauzo wanataka tutume kwa walio jirani na jiko. Mimi nimesimama upande wa kutotuma kabisa mpaka msimamizi wa madereva aseme barabara zinapitika. Mtu akiagiza mwenyewe tutampelekea kwa utaratibu na tutamwambia ukweli wa muda. Kwa sasa tumekubaliana hivi: kitufe cha kuzuia mawimbi siku ya mvua kiko kwa msimamizi wa madereva, na akishakibonyeza, mimi wala mauzo hatuna uwezo wa kukifungua.